Mchoro wa kichocho na mapengo yanayojijaza

*"Nafundisha twisheni ya baiolojia hapa Chake Chake. Nimechora mzunguko wa mnyoo wa kichocho wenye mapengo ya kujaza, na sentensi zake nimeambatanisha. Mwenzangu anasema sentensi hizo zinatoa jibu kabla mwanafunzi hajafikiri. Tena nikiuliza mzunguko ukatwe wapi, karibu wote huandika 'kwa dawa' wakaishia hapo. Niandikeje?"*

Mwenzako amesema kweli, mwalimu, na kinachotoboa siri ni viambishi vya ngeli. Tazama sentensi yako ya kwanza: "______ linatoka na mkojo wa mgonjwa na kufika majini." Katika orodha ya majibu uliyowapa kuna yai, konokono, mirasidi, sekaria na minyoo pevu. Mirasidi ni lava wa kwanza, anayetoka kwenye yai, na sekaria ni lava anayetoka kwenye konokono. Linalokubali *li-* ni yai peke yake. Mtoto ambaye hajasoma hata mstari mmoja wa kichocho atalijaza pengo hilo sawasawa, kwa sababu Kiswahili amekinyonya na maziwa ya mama. Sentensi ya pili ina ila nyingine: "______ anaogelea akimtafuta konokono." Hapo umemtaja konokono, kumbe yeye ndiye jibu la pengo la tatu.

Tumia *hu-* ya mazoea. Kiambishi hiki hakibebi ngeli wala idadi: yai hutoka, konokono hutoka, minyoo hutoka. Na ndiyo sauti ya asili ya kueleza jambo linalojirudia, kama mzunguko wa maisha ulivyo. Sentensi zako zingekuwa hivi:

1. ______ hutoka na mkojo wa mgonjwa na kufika kwenye maji yasiyo na chumvi.
2. Humo, ______ huanguliwa na kuogelea.
3. Baada ya hapo huingia ndani ya ______ na kuzaliana humo.
4. ______ hutoka humo na kupenya ngozi ya mtu aliyeingia majini.
5. ______ huishi katika mishipa ya damu inayozunguka kibofu na kutaga humo.

Angalia mambo mawili. Nimeandika "ndani ya" badala ya "kwa", maana "kwa" ingedokeza kwamba jibu ni kiumbe. Na katika sentensi ya kwanza nimeandika "maji yasiyo na chumvi" badala ya "maji baridi". Msomi wa samaki anajua kuwa maji baridi ni ya mito na maziwa, lakini mtoto wa Pemba aliyezungukwa na bahari anaweza kudhani unazungumzia ubaridi. Konokono anayebeba kichocho chetu, *Bulinus globosus*, hukaa kwenye mito midogo, vidimbwi na mabonde ya mpunga. Pwani hayupo.

*Hu-* ina mipaka yake, na hapa ndipo walimu wengi hukwama. Haina ukanushi. Ukitaka kusema yai haliwezi kuanguliwa baharini, *li-* inarudi na siri inatoka tena. Njia ya kupita ni kulifanya tendo liwe kiima: "Kuanguliwa hakutokei kwenye maji ya bahari." Mpaka wa pili ni mzito zaidi. *Hu-* inaficha idadi, na katika kichocho idadi ni sehemu ya baiolojia yenyewe. Mirasidi mmoja akiingia kwenye konokono huzaliana humo bila dume na jike, na baada ya wiki kadhaa konokono huyo huanza kutoa sekaria, ambao kwa jumla hufika maelfu. Kwa mchoro wa mapengo peke yake, mwanafunzi anaweza kujaza kila nafasi sawa huku akiamini kwamba anayeingia ndiye yule yule anayetoka. Kwa hiyo uliza waziwazi chini ya mchoro: "Mirasidi mmoja ameingia kwenye konokono. Eleza kwa nini watakaotoka ni wengi." Hapo upatanisho wa ngeli hauna la kusaidia.

Kabla ya kuja kwenye kukata mzunguko, usikubali jibu la "kichocho" katika pengo lolote kati ya hayo. Kichocho ni ugonjwa. Anayepenya ngozi ni lava wa mnyoo. Na kama mchoro wako umeunakili kitabuni, hakikisha mayai yanatoka na mkojo na kila yai lina mwiba kwenye ncha. Yakitoka na kinyesi, na mwiba uko ubavuni, huo ni mzunguko wa kichocho cha tumbo. Kinachoenezwa Unguja na Pemba ni kichocho cha mkojo.

Sasa hao wanaoandika "kwa dawa". Swali lako lilisema: "Onesha jinsi mzunguko unavyoweza kukatwa." "Jinsi" linaomba njia, nao wakakupa njia. Hukuwauliza mahali. Tena tuna vitenzi vitatu ambavyo mitaani hubadilishana nafasi bila kizuizi: kutibu, kukinga na kuzuia. Katika mtihani huu havibadilishani.

Chukua mtoto wa kilo 30 aliyepewa prazikwanteli skuli siku ya Jumatatu. Kipimo cha kawaida ni miligramu 40 kwa kila kilo, yaani miligramu 1,200, ambazo ni vidonge viwili vya miligramu 600. Dawa hiyo huua minyoo pevu kwenye mishipa ya kibofu. Minyoo michanga iliyoingia wiki chache nyuma, dawa haiiwezi vizuri. Jumanne mtoto akienda kuoga mtoni, sekaria watapenya ngozi yake kama walivyopenya mwanzo. Basi dawa imemtibu, haikumkinga. Mwanafunzi anayeandika "dawa hukinga ngozi isipenywe" amekosea baiolojia, ingawa mtaani sentensi yake isingeshangaza mtu. Kosa hilo ndilo ungependa mtihani ulifichue, na swali lenye "jinsi" halilifichui.

Weka herufi juu ya mchoro wenyewe. A iwe kwenye mshale wa kutoka kwa mtu kwenda majini, B kwenye kisanduku cha konokono, C kwenye mshale wa kutoka majini kwenda kwenye ngozi, na D kwenye kisanduku cha minyoo pevu. Kisha andika: "Kwa kila herufi, taja kinachofanywa, kinamfikia nani au kinazuia nini, na hatua ipi inaendelea kama kawaida." Majibu yatalazimika kuwa na kitenzi na yambwa yake. Pa A, choo huzuia mayai kufika majini. Pa B, niklosamidi huua konokono. Pa C, bomba la maji karibu na nyumba huwapunguzia watu haja ya kuingia mtoni. Pa D, prazikwanteli huua minyoo pevu, na utagaji hukoma.

Sehemu ya mwisho ya swali hilo, "hatua ipi inaendelea kama kawaida", ipe alama nyingi. Pa D, jibu ni kwamba konokono walioambukizwa tayari wataendelea kutoa sekaria kwa wiki nyingi baada ya kijiji kizima kumeza vidonge. Pa B, minyoo iliyomo mwilini itaendelea kutaga kwa miaka, na konokono wapya wakirudi baada ya mvua watayakuta mayai. Anayeeleza hayo mawili, hata akiandika "lava wa kwanza" badala ya "mirasidi", mpe alama zake zote.