Jibu hasi kwenye maswali ya logi: lini hufutwa, lini hubaki

"Shikamooni wakubwa. Kwenye jaribio la hisabati ya juu, swali log₂ x + log₂ (x − 2) = 3 nilipata 4 na −2, nikakatwa alama kwa kuibakiza −2. Swali lililofuata, 2·4ˣ − 5·2ˣ + 2 = 0, nikafuta −1, nikakatwa tena. Sasa jibu hasi linafutwa lini?"

Marahaba, mdogo wangu. Aliyekusahihisha alikutendea haki mara zote mbili. Nafundisha vijana wa kidato cha tano nyakati za jioni hapa Ngamiani, Tanga, na maswali ya namna hii mimi hupenda kuyaweka jirani kwa makusudi, kwa sababu mwanafunzi anayefuta kila chenye alama ya kutoa hunaswa papo hapo.

Tazama kwanza x imekaa wapi. Katika swali la kwanza imo ndani ya logi. Kuandika log₂ x ni kuuliza 2 ipewe kipeo gani ili ipatikane x, na 2 hata uipe kipeo gani haitoi sifuri wala namba hasi: 2³ ni 8, na 2⁻³ ni 1/8, ambayo ni ndogo lakini bado ni chanya. Kwa hiyo, kabla ya kugusa kanuni yoyote, andika sharti: x > 0 na x − 2 > 0, ambayo kwa pamoja hutupa x > 2. Kisha unganisha:

log₂ x(x − 2) = 3
x² − 2x = 8
(x − 4)(x + 2) = 0

Hapo 4 inatimiza sharti na −2 hailitimizi. Lakini −2 ilitoka wapi, ikiwa hatua zote ni sahihi? Iweke kwenye mstari uliounganishwa: (−2)(−4) = 8, na log₂ 8 ni 3 kweli. Hasi mbili zilizidishana zikawa chanya, na logi moja iliyounganishwa ikaipokea namba ambayo logi mbili za mwanzo zilikuwa zimeikataa. Kanuni ya log M + log N = log MN ni ya kweli pale tu M na N zote ni chanya, na sharti hilo hupotea machoni mara tu unapounganisha.

Ili uone kwamba kosa si la alama ya kutoa, chukua log₂ (−x) + log₂ (2 − x) = 3. Ukiunganisha utafika kwenye mlinganyo uleule, x² − 2x = 8, na majibu yaleyale mawili, ila sasa sharti ni x < 0. Safari hii −2 ndiyo inayobaki na 4 ndiyo inayofutwa.

Katika swali la pili x imekaa juu, kwenye kipeo, na kipeo kina ruhusa ya kuwa hasi. Kwa kuwa 4ˣ ni (2ˣ)², weka u = 2ˣ upate 2u² − 5u + 2 = 0, yaani (2u − 1)(u − 2) = 0, hivyo u ni 1/2 au 2. Sharti hapa linaihusu u peke yake: lazima iwe chanya. Zote mbili zinapita, kwa hiyo x = −1 au x = 1. Hakiki −1 uone: 2·(1/4) − 5·(1/2) + 2 = 0. Lingekuwa swali 4ˣ − 2ˣ⁺¹ − 8 = 0, kwa kuwa 2ˣ⁺¹ ni 2·2ˣ, ungepata u² − 2u − 8 = 0, na u = 4 au −2. Hapo −2 inafutwa, kwa sababu ni thamani ya 2ˣ na si ya x, na jibu pekee ni x = 2.

Upo pia mtego wa upande wa pili, ambao kwa maoni yangu ni mbaya zaidi kwa kuwa hula jibu la kweli bila kuacha dalili yoyote. Katika log₂ x² = 6, wengi huteremsha kipeo mbele haraka, wakaandika 2 log₂ x = 6, kisha x = 8, wakaendelea na swali jingine. Lakini (−8)² ni 64, na log₂ 64 ni 6, kwa hiyo −8 nayo ni jibu. Mstari wa mwanzo ulikubali kila x isiyo sifuri, ilhali 2 log₂ x inakubali x chanya tu. Kipeo kikiwa shufwa na alama ya x haijulikani, usikiteremshe; andika x² = 2⁶ moja kwa moja.

Kwenye karatasi ya jaribio, usikate jibu kwa mstari tu. Andika kando yake sababu, kwa mfano "−2 haifai kwa kuwa x > 2", maana wasahihishaji wengi hutafuta sentensi hiyo kabla ya kutoa alama ya mwisho.