Moto wa ufukweni: uonekane kutoka ziwani, na simu isikwame

> Wakuu, natengeneza gemu ya wavuvi wa dagaa hapa Kigoma, natumia Godot 4. Moto wa ufukwe wa Kibirizi ukiusogelea simu inakwama, ukiwa ziwani na mtumbwi hauonekani. Nimeongeza chembe mpaka 300 bado. Halafu moto wa mganga unafanana na moto wa kupikia. Nifanyeje?

Mkuu, punguza chembe. Tatizo lako la mbali na la karibu yana dawa tofauti, na zote mbili hazihitaji chembe 300.

Piga hesabu ya mbali kwanza. Kamera ya Godot ina Fov ya 75 usipoigusa. Mtumbwi ukiwa mita 150 kutoka ufukweni, kioo toka juu hadi chini kinabeba takribani mita 230. Kwa simu yenye pikseli 720 kwenda juu, kila mita inapata pikseli tatu hivi. Moto wa mita moja na nusu unabaki pikseli tano, na hata uuchore kwa ustadi gani hapo ni doa tu. Moshi wa mita 20 unapata pikseli 60. Kwa hiyo anayemwambia mchezaji kwamba pale pana moto ni moshi, pamoja na mng'ao. Nguvu ziweke huko.

Karibu, kinachoua simu ni eneo linalopakwa rangi upya, tabaka juu ya tabaka. Chembe 40 zenye upana wa pikseli 400 kila upande ni pikseli milioni 6.4 kwa kila fremu, karibu mara saba ya kioo cha 1280 kwa 720. Zikiwa 8, unabaki na kama kioo kimoja na nusu. Kuthibitisha, nenda Project Settings shusha Scaling 3D > Scale iwe 0.5. Gemu ikikimbia ghafla, mzigo ni pikseli. Isipobadilika, tafuta kwingine. Kumbuka pia kwamba sehemu tupu ya picha nayo inalipiwa, kwa hiyo kata picha ibane mwali.

Moto wenyewe, kwenye GPUParticles3D: Amount 8, Lifetime 0.8, picha moja yenye fremu 16 za mwali. Kwenye Material weka Particle Billboard, H Frames 4, V Frames 4, Unshaded, Blend Mode Add. Kwenye Process Material weka Animation Speed 1 kwa Min na Max, la sivyo picha inaganda kwenye fremu ya kwanza. Add haisumbuki na mpangilio wa mbele na nyuma, ila tabaka zikirundikana rangi inakuwa nyeupe, basi anza na chungwa iliyokolea kuelekea nyekundu. Mchana, mbele ya anga jeupe, Add inamezwa, tumia Mix. Visibility Range End weka 60, zaidi ya hapo mwali hauna kazi.

Moshi: Amount 10, Lifetime 6, Preprocess 6 ili nguzo iwe imeshasimama mchezaji anapofika, Transparency Alpha, Blend Mode Mix, Unshaded, Direction juu, Spread 8, kasi 3.3. Gravity inakuja na -9.8, moshi utaanguka chini kama mawe. Weka Y sifuri, na 0.5 kwenye mhimili unaoelekea ziwani, kwa sababu usiku upepo hutoka nchi kavu. Hapo kilele kinasogea mita 9 na nguzo inainama vizuri. Moshi mweusi usiku unapotelea kwenye vilima, hivyo chini uwe wa kahawia-chungwa na juu kijivu kilichozidi anga kwa mwanga kidogo. Panua na Visibility AABB ifunike mita zote 20. Ukiiacha ilivyo, moto ukitoka nje ya kioo moshi wote unatoweka ghafla.

Mng'ao ni QuadMesh moja ya mita 6 yenye duara laini, Add, Unshaded, Billboard Enabled, kwenye nodi iitwayo Mngao. Huu ndio unaoutofautisha moto na karabai za wavuvi: karabai ni nyeupe na imetulia, moto uchezecheze:

```gdscript
@onready var mngao = $Mngao

func _process(_delta):
    var t = Time.get_ticks_msec() * 0.001
    var s = 1.0 + 0.10 * sin(t * 7.0) + 0.06 * sin(t * 11.3)
    mngao.scale = Vector3.ONE * s
```

Washa Keep Scale kwenye Billboard, vinginevyo ukubwa haubadiliki na utadhani msimbo ni mbovu.

Kwa mganga, kubadilisha rangi tu hakutoshi. Kwa mbali, na kwa asiyetofautisha rangi vizuri, bado ni moto. Badilisha mwendo. Moto unapanda bila mpangilio na una moshi. Uganga usiwe na moshi kabisa. Mpe pete moja yenye ukingo mkali, mita 8, inayojikusanya kuelekea katikati kwa sekunde 0.6, kisha mmweko wa sekunde 0.1, kisha giza. Ni quad mbili tu, na kutoka mita 150 ile pete ina pikseli 25 zinazosinyaa, jambo ambalo moto wa kupikia haulifanyi.