Kutenganisha ushahidi, hitimisho na mapendekezo kwenye ripoti ya uchunguzi

> Wakuu, naombeni msaada. Nimemaliza uchunguzi wa ndani kazini na ripoti imerudishwa mara mbili. Bosi anasema nimechanganya ushahidi, maoni yangu na mapendekezo, hajui ashike lipi. Nikijaribu kutenganisha, najikuta narudia yale yale mara tatu. Nyie mnafanyaje?

Mkuu, kurudia huko kunatokea kwa sababu kila sehemu bado ina vipande vya mwenzake. Nitakueleza kwa ripoti moja niliyopewa kuipitia kabla haijaenda kwa menejimenti, ya upotevu wa dizeli ya jenereta.

Rasimu ilifunguka hivi: "Uchunguzi umebaini kuwa mlinzi wa zamu ya usiku aliiba takribani lita 300 za dizeli, hivyo achukuliwe hatua." Sentensi moja, na ndani yake mna ushahidi, hitimisho na pendekezo vimeshikana. Ukiuliza "lita 300 mmezipataje?" huoni jibu hapo, na "mmejuaje ni yeye?" ndiyo kabisa.

Nikamwambia aliyeandika aanze na vitu ambavyo mtu mwingine anaweza kwenda kuvikagua akakuta vilevile. Vikabaki hivi. Mwanzo wa mwezi kijiti cha kupimia kilionyesha lita 200 kwenye tangi. Hati tatu za kupokelea mafuta zilisomeka lita 600 kila moja, jumla 1,800. Mwisho wa mwezi kijiti kilisoma lita 380. Mita ya jenereta ilionyesha imefanya kazi saa 110. Ukuta wa tangi na mabomba vilikaguliwa, hakukuwa na uvujaji. Ufunguo wa tangi, kwa mujibu wa daftari, hukaa kwa mlinzi usiku. Kila kimoja kikapewa namba, U1 hadi U6, na nyaraka yake ikawekwa kwenye viambatisho kwa namba hiyohiyo. Namba hizo ndizo zitakazokuokoa na kurudia: kwenye hitimisho huelezi upya, unaandika tu "kutokana na U1 hadi U4".

Sasa hesabu. 200 jumlisha 1,800 toa 380 ni lita 1,620 zilizotoka. Zile 300 zilipatikana kwa kudhani jenereta inakula lita 12 kwa saa, yaani lita 1,320 kwa saa 110. Lakini 12 imetoka wapi? Ilikuwa ya fundi, kwa mazoea. Ulaji wa jenereta hubadilika kwa mzigo ilioubeba, na kama ingekula takribani lita 14.7 kwa saa, hakuna tone lililopotea. Dhana kama hiyo haikai kwenye ushahidi mpaka ipimwe.

Ikapimwa. Tangi dogo la jenereta likajazwa hadi mdomoni, mashine ikawashwa kwa muda wa saa nne, kwa mzigo wa kawaida wa siku ya kazi (ampea ziliandikwa kila nusu saa), kisha likajazwa tena hadi mdomoni kwa chombo chenye alama za lita. Zikaingia lita 49, sawa na lita 12.25 kwa saa. Kwa saa 110 ni kama lita 1,350, kwa hiyo pengo likawa takribani lita 270. Sentimita moja ya kile kijiti ilikuwa kama lita 15, na kilisomwa mara mbili, mwanzo na mwisho wa mwezi. Hata ukikosea sentimita nzima kila mara, kosa halizidi lita 30. Hapo ndipo unaweza kuandika hitimisho la kwanza bila woga: kuna takribani lita 270 ambazo hazikuchomwa na jenereta, na makosa ya kupima kwa kijiti hayatoshi kueleza pengo hilo.

La pili ndilo lililowakera watu. Je, zimeibwa tangini? Siku za kupokea mafuta, hakuna mara hata moja kijiti kilichotumbukizwa kabla na baada ya kushusha. Hati zinasema 600, lakini hati inathibitisha kwamba mtu alisaini 600, haithibitishi kwamba 600 ziliingia. Kwa hiyo maelezo mawili yamesimama sawa: mafuta yalitolewa tangini, au hayakufika yote. Ushahidi uliopo hauwezi kuchagua kati yake. Hitimisho likaandikwa hivyohivyo, kwa maneno hayo, na jina la mlinzi likaondoka. Kuwa na ufunguo ni nafasi ya kufanya jambo, siyo jambo lenyewe.

Wengi huona hitimisho la namna hiyo ni kushindwa kazi. Mimi naona ndiyo sehemu ya ripoti yenye thamani kubwa, maana inamzuia bosi kumfukuza mtu huku msambazaji akiendelea kuleta pungufu mwezi ujao.

Kuna maneno yanayopenyeza hitimisho ndani ya ushahidi kimyakimya, yachunge. Rasimu ile iliandika mlinzi "alishindwa kueleza" mafuta yalikwenda wapi. Nikafungua maelezo yake yaliyoandikwa: aliulizwa, akajibu "sijui, mimi sipokei mafuta, anapokea mtu wa stoo mchana." Hajashindwa, amejibu, tena amekupa njia ya kufuata. Andika alichosema. "Alikiri", "alidai", "alikwepa" na "kwa makusudi" yote yanabeba uamuzi wako. Likiwa na msingi, lipeleke kwenye hitimisho na ulitetee huko.

Mapendekezo hayana mengi. Kila moja litaje hitimisho linaloliegemea, nani atafanya na lini. Pale yalikuwa matatu: mtu wa stoo na mlinzi wapime pamoja kabla na baada ya kila upokeaji na kusaini wote, ofisi ya manunuzi iombe kwa msambazaji rekodi za mita ya gari lake kwa ile mizigo mitatu, mita ya saa na kijiti visomwe kila wiki badala ya mwisho wa mwezi. Pendekezo lisiloegemea hitimisho lolote lifute, hata kama ni wazo zuri. (Kulikuwa na la kununua kamera. Lilitoka.) Na adhabu usipendekeze, isipokuwa hadidu za rejea zimekuagiza, hiyo ni kazi ya kamati ya nidhamu, na ukiigusa utaonekana ulichunguza huku umeshaamua.

Muhtasari hukaa mbele, ila uandike mwisho, na usizidi ukurasa mmoja. Wetu ulianza hivi: "Takribani lita 270 za dizeli hazijulikani zilipo kwa mwezi uliochunguzwa. Hazikutumiwa na jenereta (U1–U5, U7). Haikuwezekana kubaini kama zilitolewa tangini au hazikupokelewa, kwa kuwa tangi halikupimwa wakati wa kupokea." Halafu mapendekezo matatu, basi. U7 ni lile jaribio la saa nne.

Kabla ya kusaini, mpe kila anayeguswa asome sehemu ya ushahidi inayomhusu tu, siyo hitimisho. Mlinzi aliposoma U6 alionyesha kwenye daftari la zamu kwamba usiku mmoja ufunguo ulikuwa kwa fundi. Likaongezwa kama U8, hitimisho la pili halikuguswa hata neno.