Usitume hiyo barua ya pole kabla hujafuta mstari wa tatu

"Wakuu, bosi wangu kafiwa na mama yake. Mama huyo sikuwahi kumwona, zaidi ya korosho alizokuwa akitutumia ofisini kutoka Newala. Nimeandika hii imeili: 'Mkuu, natumaini u mzima. Nimeumia kupita maelezo kwa kuondokewa na mama yetu kipenzi. Tulimpenda ila Mungu kampenda zaidi. Najua unavyojisikia maana nami nilimpoteza bibi. Usisite kuniambia ukihitaji chochote. Ukirudi naomba tuongee kuhusu likizo yangu.' Nirekebishieni."

Futa "Mungu kampenda zaidi". Futa sasa hivi, ndipo uendelee kusoma.

Sentensi hiyo niliwahi kumtumia dada mmoja wa idara yetu aliyefiwa na mtoto. Alinijibu siku hiyo hiyo, mstari mmoja: "Nani kakwambia mimi nilimpenda kidogo?" Nilikwenda msibani, nikakaa na wenzangu, akanipa mkono bila kuniangalia. Tulifanya kazi jengo moja mpaka alipohama, na salamu zetu hazikurudi kuwa zile za zamani. Sikumlaumu hata siku moja. Ukiisoma ukiwa umefiwa, sentensi ile inapima mapenzi yako na kusema yalipungua, na anayekupimia ni mtu wa meza ya pili aliyekuja kazini juzi.

Na haikutoka kichwani mwangu. Ofisa utumishi wetu alikuwa na faili la barua za mfano: za msiba, za harusi, za kustaafu. Akanipa, akasema jaza jina tu. Hasira yangu kwa yule bwana haijaisha. Barua moja kwa aliyefiwa na babu wa miaka tisini na kwa aliyefiwa na mtoto wa chekechea! Na chini kabisa iliandikwa "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa", inakwenda kwa kila mfanyakazi, Waislamu wakiwemo. Hata kwa Mkristo mwenzako iache. Maneno yale Ayubu aliyasema mwenyewe, juu ya watoto wake mwenyewe. Rafiki zake walipofika kumpa pole walikaa naye chini siku saba bila kusema neno.

Tangu hapo nina kanuni moja: kila sentensi ya barua ya pole iwe jambo unalolijua kwa hakika, au jambo utakalolifanya. Isiyo mojawapo inatoka. Dua fupi ndiyo pekee ninayoiachia.

Pitisha ya kwako hapo. "Natumaini u mzima": kafiwa, mzima vipi? "Nimeumia kupita maelezo": mtu hujamwona, na bosi anajua hujamwona. "Mama yetu kipenzi" msibani kwenye mkeka inapita, kwa sababu umefika na umekaa. Kwenye imeili ya mtu asiyemjua marehemu inasomeka kama kujipendekeza. "Najua unavyojisikia" huijui, na bibi yako anamlazimisha mfiwa naye akupe pole. "Usisite kuniambia" inamwachia yeye kazi ya kutafuta cha kukuagiza. Likizo sitaizungumzia.

Kinachobaki ni korosho, na ndicho cha kweli ulichonacho. Andika hivi:

"Mkuu,
Pole sana kwa kufiwa na mama. Sikubahatika kuonana naye, lakini korosho zake kutoka Newala tulizila wote hapa, na ulikuwa ukizigawa kwa furaha. Taarifa ya mwezi nitaikamilisha na kuipeleka uhasibu. Mwenyezi Mungu akupe subira wewe na familia. Usihangaike kunijibu."

Halafu jina lako kamili na idara. Kichwa cha barua kiwe "Pole kwa msiba", basi. Taarifa ya mwezi nimeiweka kwa kuwa inamtua mzigo, tofauti na likizo inayomtwisha. Kama taarifa siyo kazi yako, taja unachoweza kukifanya kweli. Kama hakipo, ruka sentensi hiyo, barua haitapungukiwa. Dua hiyo Mwislamu na Mkristo wote wanaipokea. Ukijua ni Mwislamu na wewe ni Mwislamu, anza na Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun kama mnavyosemeshana siku zote.

Mtumie yeye peke yake, sehemu ya Cc iache tupu. Ukiweka ofisi nzima, kila mtu atajibu kwa wote "poleni sana", na simu ya mfiwa italia akiwa makaburini. Mchango wa rambirambi usiutaje humo, una daftari lake. Na kama msiba uko mjini kwenu, imeili haikuondolei safari ya kwenda: nenda jioni baada ya kazi, mpe mkono, kaa.