Slabu ya mbavu: zege linalookolewa na zege linalorudi

Kama ramani yako ina ukumbi wa mita 6 au zaidi bila nguzo katikati, muulize injinia wako kuhusu slabu ya mbavu kabla hujakubali slabu ya zege tupu. Nimesimamia kadhaa. Hapa nazungumzia zaidi ile yenye mbavu zinazoelekea upande mmoja na tofali tundu katikati yake, kwa kuwa mafundi wetu wanaweza kuimwaga bila kukodi moldi.

Slabu ikibeba mzigo, juu inabanwa na chini inavutwa. Zege hustahimili kubanwa, ila likivutwa hupasuka, na hapo nondo ndizo zinazofanya kazi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya zege la chini haisaidii sana, tena ina uzito ambao slabu hiyohiyo inapaswa kuubeba. Zege hilo unaliondoa, mahali pake unaweka tofali tundu au stairofomu, na unabakiza mbavu nyembamba za kushika nondo na kupeleka mzigo kwenye bimu. Sakafu hainepi ovyo, maana kinachozuia kunepa zaidi ni kina. Mbao ya 2 kwa 6 ukiilaza bapa inanepa. Isimamishe kwa ubavu, ugumu wake unakuwa mara 9, na mbao ni ileile.

Chukua ukumbi wa mita 6 kwa 8, mbavu zikipita kwenye zile mita 6. Tofali lina upana wa milimita 400 na kina cha 225, ubavu una upana wa 125, na juu kuna tabaka la zege la milimita 50. Slabu nzima ina kina cha milimita 275. Zege lake ukilitandaza sawasawa linafika unene wa kama milimita 104 tu, ilhali ugumu wake, kwa hesabu ya umbo kabla ya nyufa, unazidi kidogo ule wa slabu tupu ya milimita 200. Yaani nusu ya zege.

Lakini usimwahidi mwenye nyumba hiyo nusu. Karibu na bimu tofali zinaachwa, na panamwagwa zege tupu, kwa sababu hapo ndipo nguvu ya kukata inapokuwa kubwa na ubavu mwembamba unaweza kushindwa. Ukiweka ukanda wa sentimita 40 kila mwisho, pamoja na ubavu mmoja wa kukatisha katikati ili mbavu zisaidiane, ukumbi huu unakula kama mita za ujazo 6.2. Slabu tupu ya milimita 200 ingekula 9.6. Akiba ya kweli ni theluthi hivi, na kutoka humo utoe bei ya tofali. Nafasi ikiwa ya mita 4, mara nyingi hesabu hailipi. Mwaga slabu ya kawaida ukalale.

Ukumbi ukikaribia mraba, mbavu zinaweza kukatizana pande zote mbili na kuacha vyumbavyumba chini, kama sega la nyuki. Hizo zinahitaji moldi zinazotolewa baadaye, na faida inakuja pale moldi zilezile zinapotumika ghorofa baada ya ghorofa. Kuzunguka nguzo, zege libaki tupu, la sivyo nguzo inaweza kuitoboa slabu.

Siku ya kumwaga, lowesha tofali mapema, hasa za udongo, zisije zikanyonya maji ya zege. Ziba matundu ya tofali za mwisho wa kila safu. Tandika mbao za kupitia toroli, maana tofali likikanyagwa na kupasuka huwa linajaa zege. Kama ni stairofomu, ifunge hadi kwenye mbao za chini: zege bichi huiinua, na tabaka la juu linapungua bila mtu kuona. Kwa mbavu nyembamba namna hii napendelea kokoto ndogo na vaibreta yenye kichwa chembamba. Biskuti, vile vipande vya kuinua nondo zisilale kwenye mbao, ziwe chini ya nondo za kila ubavu.

Hesabu zege linaloingia. Likizidi sana makadirio, kuna matundu yanayojaa, na uzito huo haukuwamo kwenye hesabu ya injinia. Likipungua, pima tabaka la juu papo hapo kwa kuchomeka msumari wenye alama ya milimita 50.

Kisha kuna fundi bomba, ambaye huwa anafika kila mtu akishaondoka. Mabomba yanayoshuka yapangiwe nafasi kwenye tofali kabla ya kumwaga, na mistari ya mbavu ichorwe kwenye ramani anayopewa. Hata kabla ya plasta ya chini, piga picha ya dari huku futi ikionekana. Ubavu mmoja ukikatwa, nondo zake zote zimekwenda, na sakafu ya upana wa zaidi ya nusu mita inabaki ikiegemea majirani zake.