Kumwomba kafili ruhusa ya dharura: taja siku, kisha uisome viza

Baba alipopatwa na kiharusi huko Kilifi, nilikuwa nimetimiza miezi 14 ya mkataba wangu wa miaka 2 wa kazi za nyumbani mjini Riyadh. Usiku uleule nilimfuata madam jikoni huku nikilia, nikamwambia kwamba nataka kurudi nyumbani. Hilo lilikuwa kosa, kwa sababu yeye alisikia kuwa nimechoka na kazi, ilhali alikuwa ameilipa ofisi ya ajenti fedha nyingi ili anipate. Alinijibu kwa maneno mawili tu: "Ukienda hutarudi."

Siku ya tatu nilijaribu tena, baada ya alasiri, yeye na mumewe wakinywa kahawa, kwani mume ndiye aliyekuwa kafili wangu kisheria, yaani mwajiri anayenidhamini, na viza hutolewa kupitia akaunti yake ya Absher, mfumo wa serikali wa mtandaoni. Niliwaonyesha picha ya barua ya hospitali yenye muhuri na tarehe, kisha nikaomba siku 30, nikaahidi kujilipia tikiti na kurudi kabla ya Ramadhani, kipindi ambacho nyumba ile haikuweza kuendeshwa bila msaidizi. Madam alitaka abaki na mshahara wangu wa miezi miwili kama dhamana. Nilikataa kwa adabu, nikampa badala yake nakala ya tikiti ya kwenda na kurudi. Mshahara ulioachwa nyuma ni vigumu sana kuudai ukiwa Kenya.

Jambo ambalo wengi hawalitazami ni aina ya viza. Unayopaswa kuomba ni khuruj wa auda, yaani ya kutoka na kurudi, ambayo kafili huilipia riyali 200 kwa muda usiozidi miezi miwili. Ukipewa khuruj nihai, umeondolewa moja kwa moja, na ukitaka kurudi itakubidi uanze upya kwa ajenti. Omba uione karatasi kabla ya kwenda uwanja wa ndege, na kama husomi Kiarabu, tafuta maneno "Exit Re-Entry". Ukikuta "Final Exit", uliza papo hapo. Tazama pia muda wake: ukiandikwa kwa siku, huhesabiwa tangu siku ya kusafiri, lakini ikiandikwa tarehe ya mwisho ya kurudi, siku zimeshaanza kwisha hata kabla hujafunga sanduku. Ikama nayo, yaani kibali chako cha ukaazi, iwe hai hadi siku utakayorejea.

Baba alizidiwa nikiwa kando ya kitanda chake. Nilimpigia kafili simu siku nane kabla ya muda kwisha, nikamtumia barua mpya ya daktari na kumwomba wiki mbili zaidi. Alinung'unika kuhusu ada, lakini aliiongeza viza kwenye Absher jioni ileile, nami nikiwa bado wodini.