Mtoto wa kilo 12, kichupa cha lignokaini 2%: mwisho ni mili ngapi?

*"Wakubwa zangu, niko mafunzoni kwenye zahanati huku Kisauni. Mtoto wa kilo 12 amepasuka kichwani, kichupa kimeandikwa 2%. Mmoja aniambia mili mbili, mwingine aniambia mpaka tano hakuna neno. Mwisho wake hasa ni mili ngapi, na nikiona hazitoshi nifanyeje?"*

Mdogo wangu, kwa mtoto huyo na kichupa hicho, mwisho ni mili 1.8. Aliyekwambia mbili amekaribia. Aliyekwambia tano, ukimfuata, mtoto atapata miligramu 100, karibu mara tatu ya anachoweza kubeba kwa usalama. Nitakuonyesha hesabu ilivyo, kwa sababu kesho atakuja wa kilo 9 na kichupa cha 1%, na hutakuwa na wa kumuuliza.

Asilimia kwenye kichupa ni gramu za dawa ndani ya mili 100. Basi 2% ni gramu 2 katika mili 100, yaani miligramu 2,000 katika mili 100, na ukigawanya unapata miligramu 20 kwa kila mili moja. Njia ya mkato niliyofundishwa na muuguzi mmoja mzee ni kuzidisha asilimia kwa kumi: 1% ni miligramu 10 kwa mili, 2% ni 20, nusu asilimia ni 5. Ukishaishika hiyo, makosa mengi yameshaondoka, maana wengi hukosea hapa na si kwenye uzito. Mkono umezoea kichupa cha 1%, siku hiyo kabatini kiko cha 2%, vifuniko vinafanana, nawe unavuta mili zile zile za kila siku.

Sasa uzito. Lignokaini tupu, isiyo na adrenalini, mimi kwa mtoto sivuki miligramu 3 kwa kila kilo. Utakutana na vitabu vinavyosema 4.5. Usibabaike, si kwamba kimoja kinadanganya: Waingereza huandika 3 na kuweka kikomo cha miligramu 200 kwa mtu mzima hata awe mzito vipi, Wamarekani huandika 4.5 na kikomo cha 300. Kwenye zahanati ndogo isiyo na mashine ya kufuatilia moyo, nachagua iliyo ndogo. Ikiwa imechanganywa na adrenalini, kikomo kinapanda mpaka miligramu 7 kwa kilo na 500 kwa jumla, kwa sababu adrenalini huibana mishipa na dawa huingia damuni polepole. Hakikisha umesoma kibandiko kabla ya kutumia 7, maana vichupa vingi tunavyopata ni tupu.

Mtoto wako basi: kilo 12 mara 3 ni miligramu 36. Kichupa kina 20 kwa mili. Gawa 36 kwa 20, ni mili 1.8. Kingekuwa cha 1%, ungegawa 36 kwa 10 ukapata mili 3.6. Dawa ni ile ile, maji tu ndiyo yamezidi.

Na hilo neno la maji ndilo jibu la swali lako la pili. Mkato wa sentimita nne kichwani ukiupa mili 1.8, dawa huisha kabla hujafika mwisho wa upande wa pili. Hapo ndipo mtu hushawishika kuvuta nyingine. Badala yake, zimua. Vuta mili 1.5 za 2% kwenye sirinji ya mili 5, kisha vuta mili 1.5 za salaini ya kawaida juu yake, uigeuze sirinji mara mbili tatu ichanganyike. Una mili 3 za 1%, zenye miligramu 30, nawe bado una miligramu 6 za akiba, ambazo ni mili 0.3 ya kile kichupa. Kwa ngozi, 1% inatia ganzi sawasawa. Ikiwa mkato ni mrefu zaidi, sehemu moja ya 2% kwa sehemu tatu za salaini inakupa nusu asilimia, nayo hufanya kazi, ila ganzi hudumu muda mfupi kidogo. Mwenzio akikuona unaongeza maji kwenye dawa na kusema unaiharibu, mwonyeshe hesabu.

Nitakusimulia kilichonifunza haya, kwa sababu sikuyajua hivi nilipoanza.

Nilikuwa kwenye kliniki moja ya binafsi upande wa Likoni, jioni, foleni imejaa. Akaletwa kijana wa miaka mitatu, kilo 14, ameanguka kutoka kwenye baraza ya nyumba yao, paji la uso limefunguka na goti nalo limechanika. Nilipiga paji mili 3. Niliamini ni 1%. Ilikuwa 2%. Kwa hesabu ya leo, hapo peke yake tayari nilikuwa nimempa miligramu 60, na mwisho wake ulikuwa 42. Mtoto akaendelea kulia, nami nikaona ganzi haijashika, nikavuta mili 2 nyingine kwa goti. Jumla miligramu 100, zaidi ya 7 kwa kila kilo, dawa tupu.

Nikaanza kushona paji. Baada ya kama dakika kumi kilio kikakata. Mamake, aliyekuwa amemshika mikono, akasema, "Alhamdulillahi, ameshalala." Nami nikafurahi, nikaona kazi imekuwa rahisi. Ni muuguzi aliyekuwa ameshika taa ndiye aliyeona pembe ya mdomo ikicheza, ikivuta upande mmoja kidogo kidogo kama mtu anayetaka kutabasamu. Kisha kope. Kisha mwili mzima ukaanza degedege. Tukamlaza ubavu, tukampa oksijeni, tukampa diazepamu, na gari likatupeleka hospitali kubwa. Alipona, namshukuru Mungu, na aliruhusiwa siku ya pili. Nilirudi kliniki nikakishika kile kichupa na kusoma kibandiko, 2%, nyeusi kwenye nyeupe, herufi kubwa. Nilikaa nacho mkononi muda mrefu.

Kwa hiyo mtoto aliyenyamaza ghafla wakati unashona, usimpongeze mamake, mwamshe. Mtu mzima atakwambia mwenyewe: ulimi unakufa ganzi, mdomo una ladha ya chuma, masikio yanavuma, kichwa kinazunguka. Mtoto wa miaka mitatu hana maneno hayo. Kwake utaona kuhangaika, au usingizi usio wa kawaida, au misuli ya uso kutikisika. Dawa iliyodungwa chini ya ngozi hufika kilele chake damuni baada ya dakika 10 hadi 30 hivi, ndiyo maana shida huja ukiwa katikati ya kushona, si wakati wa kudunga. Isipokuwa ukiwa umeingia kwenye mshipa. Hapo huja papo hapo, hata kwa dozi iliyo ndani ya kikomo, na hesabu yote niliyokufundisha haikukingi. Ngozi ya kichwa ina mishipa mingi, kwa hiyo kila unapoisogeza sindano vuta nyuma kidogo uone kama damu inaingia, na dunga polepole.

Ukiona dalili yoyote, acha kudunga na kushona, ita msaada, hakikisha njia ya hewa iko wazi, mpe oksijeni. Degedege hutulizwa kwa diazepamu. Hospitali kubwa zina mafuta ya kuingiza mshipani, ya 20%, ambayo huinyonya dawa kutoka damuni; huanza na mili 1.5 kwa kilo, yaani kwa mtoto wako mili 18. Uliza leo kama zahanati yenu inayo, na kama haina, ni hospitali gani ya karibu inayo.

Lingine ambalo lingeniokoa siku ile ni kungoja. Lignokaini inataka dakika 3 hadi 5. Ukidunga na kushika sindano ya kushonea papo hapo, mtoto atalia, nawe utadhani dozi haikutosha. Dunga, nenda kaandike kadi yake, urudi. Bana ngozi kwa koleo dogo pembeni mwa mkato. Akilia ukimgusa kokote hata mguuni, huyo anaogopa, na hofu haitibiwi kwa lignokaini. Akiruka pale tu ulipobana, hapo kweli pana sehemu haijashika, na una ile akiba ya 0.3. Izimue kwa salaini, ipeleke hapo hapo. Ikiisha nayo, umefika mwisho, na huongezi tena kabla ya saa mbili. Jeraha linalodai zaidi ya hapo ni la kupelekwa mahali penye ketamini na mtu wa kumwangalia.

Uzito upime kwenye mizani. Kama mizani imeharibika, miaka jumlisha 4 kisha mara 2 inakupa makadirio: wa miaka mitatu ni kilo 14. Aliye dhaifu wa mwili mpunguzie. Mtu mzima mnene mhesabie kwa uzito unaolingana na kimo chake, kwani mafuta hayambebei dawa. Baba wa kilo 90 ukimzidishia 3 utapata 270, lakini kikomo ni 200, basi ni mili 10 za 2% na si zaidi. Mwenye ini bovu, moyo uliochoka, au mzee sana, mpunguzie pia, kwa sababu ini ndilo linaloisafisha dawa hii.

Tangu siku ile ya Likoni nafanya hivi, na ningependa nawe ufanye. Kabla ya kufungua kichupa naandika kwenye kadi ya mgonjwa mstari mmoja, kwa kalamu:

```
12 kg x 3 mg = 36 mg;  36 / 20 = 1.8 ml (2%)
```

Namsomea muuguzi kwa sauti, naye anasoma kibandiko cha kichupa kwa sauti. Kisha navuta dozi yote ya mwisho, akiba nayo kwenye sirinji yake, na kichupa kinarudi kabatini kabla sijagusa mtoto. Mtoto akilia katikati ya kazi, mezani hakuna kichupa cha kukifikia.